Herufi 80 za Kuuzia Gauni

Binti wa dada yangu anayeishi Leicester ameanza kuuza nguo za mtumba kwenye eBay. Majuzi alinitumia kwa WhatsApp kichwa cha tangazo alichokiandika, akitaka nimsifu kwa kujaza nafasi yote:

```
BNWT Gorgeous Womens Ladies Girls Dress Long Maxi Summer Party Sexy Boho Size 12
```

Kujaza amejaza. Ukihesabu herufi pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno utapata 80 kamili, na 80 ndiyo kikomo cha eBay. Lakini gauni lenyewe, kwa picha alizoniletea, ni la kitani, kijani cha zeituni, lina vifungo mbele kutoka shingoni hadi chini, na lebo yake inasema Monsoon, chapa ambayo mwanamke wa Uingereza aliyewahi kutafuta gauni la harusi ya shoga yake hawezi kukosa kuijua. Katika herufi zote hizo hakuna hata moja inayotaja chapa, rangi wala kitambaa. Saizi ipo, ila imetajwa bila nchi. Na BNWT, mkato wa wauzaji unaomaanisha nguo ni mpya na kibandiko cha bei bado kinaning'inia, umekaa mahali pa kwanza kabisa, kana kwamba kuna mtu anayeanza kutafuta gauni kwa kuandika BNWT.

"Mama mdogo, lakini video zote zinasema jaza nafasi," aliniambia.

Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti mrefu kupita adabu, maana kazi hiyo niliifanya mimi katika mji huohuo anaoishi yeye, kwenye ghala la mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Jinja. Alikuwa mmoja wa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Uganda, kisichojali sana ngeli lakini kisichokosa neno. Alipenda kutusimulia kwamba mwaka huo halmashauri ya jiji la Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi watu wake wasije Leicester kwa kuwa mji umejaa. Wengi, alisema, ndipo walipolisikia jina la Leicester kwa mara ya kwanza, wakaja. Kila alipolisimulia hilo alicheka mwenyewe, kisha akatutuma kazini tukaandike matangazo.

Nguo zilitujia kwa kilo, mabaki ya maduka ya hisani. Zamu yangu ilikuwa kuitoa nguo kwenye rundo, kusoma lebo zake zote, kuilaza mezani na kuipima kwa futi ya fundi, halafu kuandika kichwa cha tangazo. Mimi nimekulia Tanga, nikienda na mama kuchagua mitumba. Kule mnadi hupaza sauti, nawe unaishika nguo, unaivuta, unaigeuza ndani nje, unaijaribisha juu ya gauni ulilovaa. Yeye akidanganya, kidole chako kinamsuta palepale. Mnunuzi wa mtandaoni ana maneno na picha tu, na picha haziwezi kumfikia kabla maneno hayajamleta.

Hapo ndipo alipoanzia Mzee kunifundisha. Mtu akiandika maneno manne kwenye kisanduku cha kutafutia, eBay huyatafuta yote manne, kwa mpangilio wowote, katika kichwa cha tangazo na katika visanduku vya sifa ambavyo muuzaji hujaza chini yake: chapa, saizi, rangi, kitambaa. Maelezo marefu ya chini hayaguswi mpaka mnunuzi aombe mwenyewe yaguswe, na wachache huomba. Kwa hiyo neno linalokosekana juu ni mteja ambaye hatakuona, hata kama umeiandikia nguo hiyo insha nzima. Kisha akanipa swali alilolirudia kila siku mpaka likawa kama salamu: "Dada, huyu anayetaka nguo hii, anaanza na neno gani?"

Wakati huo kikomo kilikuwa herufi 55, si 80. Nakumbuka koti la Barbour ambalo kijana mmoja tuliyefanya naye kazi alikuwa amelipa kichwa hiki:

```
STUNNING Mens Designer Coat Barbour Navy L Great Cond!!
```

Nacho kilijaa sawasawa, herufi 55. Mzee alichukua kalamu, akaanza kufuta. STUNNING ikaondoka, kwa sababu hakuna mtu anayetafuta koti kwa kuandika kwamba linapendeza. Designer ikaondoka kwa sababu hiyohiyo. Great Cond!! ikaondoka, kwa kuwa hali ya nguo ina kisanduku chake, na alama za mshangao hazitafutwi na yeyote. L nayo akaifuta, jambo lililomshangaza yule kijana. Mzee akaligeuza koti, akamwonyesha lebo ya ndani: haikuwa na L. Ilikuwa na C42/107CM, yaani kifua cha inchi 42, na juu yake jina la mtindo, Bedale, na namba yake, A100.

Barbour ni kampuni ya South Shields, kaskazini mashariki mwa Uingereza, iliyoanza mwaka 1894 kwa kuwauzia mabaharia na wavuvi nguo za kuzuia mvua. Makoti yake ya pamba iliyopakwa nta yana majina, na wanunuzi wanayajua majina hayo. Bedale ilitoka mwaka 1980 kwa ajili ya wapanda farasi. Ni fupi, na nyuma ina mipasuo ili mtu aketi vizuri juu ya tandiko. Beaufort ni ndefu zaidi. Anayetaka Bedale hataki Beaufort, na akiandika Bedale, lile koti la kijana wetu lisingemtokea kamwe. Mzee akaandika:

```
Barbour Bedale Waxed Jacket Mens C42 Navy
```

Herufi 41. Zikabaki 14, naye akaziacha tupu. Kijana akauliza kwa nini asiongeze chochote. Mzee akamjibu kwamba yeye hana cha kuongeza ambacho mtu atakiandika, akasogea kwenye nguo nyingine.

Mwaka 2011 eBay ilipandisha kikomo hadi 80, na ghalani kwetu ikawa sherehe. Maneno yaliyokuwa yamefutwa yakarudi yote, pamoja na jamaa zake. Mzee hakukataa nafasi mpya, ila alitaka kila neno lieleze limekuja kufanya nini. Koti jingine kama lile lilipofika likaandikwa hivi:

```
Barbour Bedale Waxed Jacket Mens C42 107cm Navy Blue Cotton A100
```

Neno 107cm ni la mnunuzi wa Ujerumani au Italia, ambaye inchi hazimwambii kitu. Blue ni ya yule asiyejali aina ya buluu, anayeandika tu kwamba anataka koti la buluu. Cotton inakamilisha maneno matatu ambayo watu huyaandika pamoja, "waxed cotton jacket", na hayahitaji kukaa pamoja kwenye kichwa ili yapatikane. A100 ni ya mtu ambaye koti lake la zamani limechakaa, akaisoma lebo yake ili apate kama lile. Herufi 64, na 16 za bure. Hayo ndiyo niliyomweleza binti yetu, na gauni lake nikampendekezea hivi:

```
Monsoon Linen Maxi Dress UK 12 Olive Green Button Front
```

Alipohesabu alicheka, maana zilitoka 55, kile kikomo cha zamani. Womens, Ladies na Girls hazimo, kwa sababu gauni limewekwa tayari katika kundi la nguo za kike, na Girls ni kosa hasa: inawaleta watu wanaotafutia watoto. Kwenye gauni hili chapa imetangulia. Lakini nilimwonya asiifanye hiyo kuwa sheria, kwa sababu tulikuwa na nguo nyingi ambazo kuanza na chapa kulikuwa kutupa mahali pa thamani kuliko pote. Kwenye simu kichwa kirefu hukatwa, na maneno machache ya mbele ndiyo mtu anayoyasoma huku kidole kikiteremka. Sweta la sufu lenye lebo ya duka lililokufa zamani, ambalo hakuna anayelikumbuka, lilianza kwa kitambaa na aina ya nguo. Jina la chapa lilikwenda kwenye kisanduku chake, basi.

Kuna aina nyingine ya kutumia chapa ambayo Mzee hakuivumilia. Kijana wetu aliwahi kupata skafu ya mirabaraba isiyo na lebo yoyote, akaandika jina la kampuni kubwa ya Uingereza na kuongezea neno "Style". Tangazo likaondolewa. Kwenye eBay wenye chapa wana utaratibu wao wa kuripoti, unaitwa VeRO, na kanuni zake haziruhusu kulitaja jina la chapa kwa nguo isiyo ya chapa hiyo, hata ukisema inafanana nayo tu. Matangazo ya namna hiyo yakijirudia, akaunti nzima huweza kufungwa. Hata pasingekuwa na kanuni, mnunuzi aliyeletwa na jina hilo haitaki skafu yako. Anataka ile nyingine.

Kitambaa ndicho kilichotupa shida ya muda mrefu, na humo ndimo nilimojifunza kazi. Ililetwa blauzi ya kike, laini, inang'aa, rangi ya damu ya mzee. Aliyeiandika aliweka Silk Satin Blouse. Iliuzwa upesi, na upesi vilevile ikarudi, na mnunuzi alikuwa na haki. Satini ni namna ya kufuma, nyuzi zikipita juu kwa juu ili kitambaa kimeremete. Inaweza kufumwa kwa hariri, kwa viskosi, au kwa poliesta, na ile blauzi ilikuwa poliesta asilimia mia. Lebo ilisema hivyo, pembeni kwenye mshono wa ndani, mahali ambapo mwandishi wa tangazo hakufika. Nguo ikirudi kwa sababu hailingani na tangazo, nauli ya kuirudisha humwangukia muuzaji, na kwa blauzi ya bei ndogo nauli mbili zinameza kila kitu.

Ugumu unakuja pale lebo inapokuwa imekatwa, na mitumba mingi imekatwa, kwa kuwa lebo huwawasha watu. Mzee alichomoa uzi mmoja kwenye ziada ya mshono wa ndani, akaushika kwa kibanio, akauchoma juu ya sahani. Uzi wa hariri au wa sufu hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kidoleni. Pamba, kitani na viskosi hunuka karatasi. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu, nyeusi, isiyosagika. Kipimo hiki kina mipaka yake. Hakitofautishi hariri na sufu, ingawa hapo jicho linatosha, wala hakikuambii kama kitambaa kimechanganywa nusu kwa nusu, kwa sababu uzi uliouchomoa unaweza kuwa wa upande mmoja tu wa mfumo. Ndiyo maana hata uzi uliponuka nywele, Mzee hakuturuhusu kuandika "100% Silk" bila lebo. Tuliandika Satin Blouse, na ndani ya maelezo tukasema lebo haipo na uzi tuliochoma uliungua namna gani. Kanuni za Ulaya kuhusu majina ya nguo, zile za mwaka 2011, zinaliacha neno "100%" au "safi" kwa bidhaa ya uzi wa aina moja pekee, na kwangu mimi huo ni mstari mzuri hata kwa muuza mitumba.

Wakubwa nao huteleza hapohapo. Mwaka 2022 Walmart na Kohl's za Marekani zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5 baada ya tume ya biashara ya nchi hiyo kusema ziliuza bidhaa kwa jina la mianzi wakati zilikuwa za viskosi. Mwanzi ulikuwepo mwanzoni, kabla ya kuyeyushwa kwa kemikali hadi ukageuka kitu kingine. Mnunuzi anaandika Bamboo kwa kuwa anadhani ni kitambaa, na kishawishi cha kumpa neno analolitaka ni kikubwa. Mauzo ya siku ile yanapanda kweli. Ni baadaye mizigo inapoanza kurudi.

Saizi ilinichosha kuliko yote. Kuna wakati ghala lilipokea magauni ya miaka ya 1970 kutoka nyumba ya bibi mmoja aliyefariki, mazuri ajabu, yametunzwa kwenye mifuko. Lebo zilisema 14. Tukaandika 14, kwa sababu tumefundishwa kuiamini lebo, na yakaanza kurudi: kiuno hakifungi. Nilipoyalaza mezani na kuyapima kwapa hadi kwapa, kisha kiuno, vipimo viliangukia karibu na 10 ya siku hizi. Namba zimekuwa zikivimba miaka yote, na hakuna wa kuzizuia. Marekani ilitoa kiwango rasmi cha saizi za nguo za wanawake mwaka 1958, ikakiondoa mwaka 1983, na tangu hapo kila kampuni inajipimia yenyewe. Tulichoamua ni kwamba kichwa cha tangazo kibebe saizi ambayo mwili wa leo utaingia, na lebo ielezwe chini:

```
Vintage 1970s Maxi Dress Fits UK 10 Brown Floral Polyester Long Sleeve
```

Neno Fits lina herufi nne tu, na mizigo ikapungua kurudi kwa namna iliyoonekana rafuni. Angalia pia kwamba Polyester imetajwa bila haya. Gauni la enzi hizo mara nyingi ni la poliesta, na wanaozipenda nguo za enzi hizo wanajua hivyo. Wapo hata wanaoitafuta, kwa kuwa haikunjiki wala haipauki. Kuhusu UK, hiyo haitoki kamwe. 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani na kama 40 ya bara la Ulaya, na namba iliyosimama peke yake inamwachia mnunuzi wa Chicago akisie. Nimeona wauzaji wakibandika zote tatu kwenye kichwa, wakala nafasi ambayo rangi ingekaa. Nadhani hiyo ni kazi ya jedwali lililo chini. Juu panatosha namba moja na nchi yake.

Rangi ilikuwa rahisi mpaka nilipokutana na majina ya viwandani. Kampuni hazisemi kahawia. Zinasema Mink, Mocha, Truffle. Tulikuwa na sweta la sufu ambalo kibandiko chake kilisema Mink, nami nikaona kuna wenzangu wanaolinakili neno hilo kama lilivyo. eBay humwonyesha muuzaji tangazo lake limetokea mara ngapi mbele ya watu na limebonyezwa mara ngapi, na kwenye sweta lile hesabu ya kwanza ilikuwa kubwa na ya pili karibu na sifuri. Lilikuwa limewafikia watu wanaotafuta manyoya ya mnyama anayeitwa kwa jina hilo, wakaona sweta, wakapita. Tulipoweka Brown mahali pake, tangazo lilitokea mara chache zaidi na likauza.

Hizo hesabu mbili, ukiongeza na ya mizigo inayorudi, ndizo zinazokuambia kichwa kina ugonjwa gani. Tangazo likitokea mara chache sana, kuna neno ambalo wanunuzi wanaliandika nawe hunalo. Nenda kwenye kichujio cha `Sold items`, uangalie nguo kama yako zilizokwisha kuuzwa ziliitwaje. Likitokea sana bila kubonyezwa, kuna neno linaloleta watu wasio wako, au picha na bei vinawafukuza, na hapo inabidi ubadilishe kimoja kimoja, usubiri, la sivyo hutajua kilichoponya ni kipi. Likibonyezwa, nguo ikauzwa, kisha ikarudi, basi neno fulani juu pale si la kweli, na mara nyingi ni saizi au kitambaa.

Binti yetu alinibishia juu ya rangi ya zeituni ya lile gauni. Alisema Waingereza wenzake wanaiita Khaki, na yuko sahihi. Kwenye maduka ya kule Khaki ni kijani cha jeshi. Ila Mmarekani akiandika Khaki anawaza suruali ya rangi ya mchanga. Kama anauza ndani ya Uingereza tu, Khaki Green haina ubaya, na Green ndiyo inayomwokoa vyovyote. Nilimwachia aamue.

Nilipoondoka kwa Mzee nilikwenda kuuza magauni yangu mwenyewe kwenye Etsy, magauni ya kitenge niliyoshonewa na fundi wangu wa Tanga, na karibu kila nililokuwa nalijua likawa halitoshi. Etsy inaruhusu herufi 140, na pembeni inakupa lebo 13 za kutafutwa, kila moja isizidi herufi 20. Gauni moja nililiuza kwa saizi kuanzia ndogo hadi kubwa kabisa, na mnunuzi huchagua yake kwenye menyu. Hapo saizi haina kazi kwenye kichwa. Ukiandika UK 12, mwanamke wa 18 ataona halimhusu na kupita, wakati lake lipo. Chapa yangu pia haikuwa na kazi, maana hakuna anayenijua, na jina la duka linaonekana chini ya kila picha bila mimi kulirudia.

Kilichobaki ni kitambaa, rangi na aina ya nguo, na vyote vilikuwa na matatizo. Kitenge kina rangi nyingi, na muuzaji hupenda kuziorodhesha zote. Nilizoea kuliweka gauni ukutani, nikarudi nyuma hadi mlangoni, na rangi ninayoiona kutoka mlangoni ndiyo niliyoandika, moja tu. Kitambaa ilibidi nikipime kama alivyonifundisha Mzee, kwa sababu sokoni kitenge cha poliesta kinakaa bega kwa bega na cha pamba, na muuzaji wa vitambaa atakuapia kwamba vyote ni pamba. Uzi mmoja na kiberiti vilimaliza ubishi. Na aina ya nguo ndiyo iliyonichukua muda: wateja wangu wengi walikuwa London na Marekani, wakiandika African print au Ankara, kwa kuwa wauzaji wa Afrika Magharibi waliwatangulia wetu kule. Kitenge walikiandika Watanzania na Wakenya wa ughaibuni, wachache lakini wanaonunua bila kuuliza maswali. Nikaishia hapa:

```
Green Cotton African Print Maxi Dress, Loose Ankara Kaftan, Kitenge
```

Kaftan niliiongeza baada ya kuona kwenye takwimu za duka kwamba watu wananipata kupitia lebo ya pembeni yenye neno hilo, wanabonyeza, wananunua. Wengi walikuwa wanawake watu wazima wanaotaka gauni lisilobana, na ambao African print haikuwa imewajia kichwani kabisa mpaka walipoiona.

Mwaka 2025 Etsy yenyewe ilianza kuwashauri wauzaji wafupishe vichwa, chini ya maneno 15, na Januari mwaka huohuo Amazon ilipiga marufuku neno lilelile kurudiwa zaidi ya mara mbili katika kichwa kimoja. Binti yetu alinitumia habari hizo kama mtu anayekiri kwa heshima. Mara moja akafuatisha picha ya koti la sufu, zito, limekatwa lebo zote mbili, rangi ambayo yeye anaiita kijivu na mimi kwenye simu yangu naiona buluu. Nimemwambia alipime kwapa hadi kwapa, alipeleke dirishani mchana, halafu achomoe uzi.